Kiwiko cha Kwetu

Mimi ni mpiga picha, ila usije ukanialika harusini kwako. Picha zangu hakuna anayezitundika sebuleni. Napiga mifupa, napiga vifua, na siku nyingine napiga shilingi iliyomezwa na mtoto. Kazi hii nimeifanya hapa Singida mjini miaka kumi na saba, na muda wote huo nimekuwa na kanuni moja ambayo wauguzi huniigiza nikiwapa kisogo, mkono kiunoni, midomo wameibenua: "Mimi napiga kilichoandikwa!"

Waigize tu. Mtu anakuja na karatasi ya goti, akishalala mezani anaanza: dada Felista, na hapa mgongoni kidogo, na hii shingo nayo, maana nimetoka mbali. Ukimsikiliza kila mtu utapiga mpaka mawazo yake. Kwa hiyo nasoma karatasi, napiga, namwita anayefuata. Anayelalamika namwonyesha karatasi.

Basi kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyoniumbua, tena kwa mtu ambaye katika mkoa huu wote ndiye niliyetamani nisimkosee.

Anaitwa Kefa. Tumekulia kijiji kimoja, ng'ambo ya Ikungi, kule ambako barabara ikiisha unabaki na miti ya mitundu na vumbi jekundu. Baba yake alikuwa mrina asali na yeye akawa mrina asali. Nikiwa msichana nilikuwa nasimama chini ya mti nikishika ncha ya kamba, yeye yuko juu na bomba la moshi, anaimba ili nyuki wajue ni yeye. Sijui kama nyuki walijua. Mimi nilijua. Tuliahidiana mambo, kisha nikaenda chuo Dar es Salaam miaka mitatu, nikaomba aningoje mwaka mmoja zaidi, na mwaka huo ukazaa mwingine. Akamwoa Magreth. Sikumlaumu. Ah, nilimlaumu sana, ila sikumwambia mtu. Magreth alipofariki nilituma rambirambi kwa mkono wa dada yangu, mwenyewe sikwenda. Nilijiambia nina zamu.

Mwaka juzi, mwezi wa sita, msimu wa asali, mlango wa chumba changu ukafunguliwa akaingia yeye.

Tulikuwa hatujaonana miaka kumi na tisa. Nywele zimeingia mvi upande mmoja tu, kama mtu aliyeegemea ukuta wenye chokaa. Mkono wa kulia umening'inizwa shingoni kwa khanga, na kuanzia vidoleni hadi chini kidogo ya kiwiko umezungushiwa kitambaa chenye magome ya dawa yaliyokauka. Nilimjua kabla hajavuka kizingiti.

"Habari za siku, Feli," akasema.

Hakuna mtu mwingine anayeniita Feli. Sikumjibu vizuri. Nikaikimbilia karatasi yake kama mtu anayekimbilia kivuli, nikaisoma mara tatu, nikakataa kuinua macho. Ilisema kiwiko cha kulia, picha mbili, mbele na ubavuni. Iliandikwa kwa Kiingereza kama zilivyo zote, na neno lilikuwa hilo, halina utata.

Utata ulikuwa umetokea nyuma, na nilikuja kuufuatilia baadaye hatua kwa hatua, jinsi mtu anavyotafuta sindano. Kefa alikuwa ameanguka kutoka mtini. Tawi la mtundu lilivunjika akiwa anatundika mzinga wa gogo, akatua kwa kiganja kilichofunguka, uzito wote juu yake. Zahanati ya kule ilikuwa na nesi mmoja, Flora, mwenyeji wa Tanga, mtu mwema na mwenye mwandiko mzuri. Flora akaandika barua ya rufaa kwa Kiswahili safi: ameanguka, ana maumivu na uvimbe kwenye kiwiko cha mkono wa kulia. Kwa Flora na watu wa kwao, kiwiko cha mkono ni hapa mtu anapovaa saa. Pale mkono unapokunjikia katikati wao wanaita kisukusuku. Barua ikafika mjini kwa tabibu kijana mzaliwa wa Iguguno, foleni imefika getini, mgonjwa amefungwa magome kama gunia la mkaa. Kijana akasoma kiwiko. Kwa watu wa Iguguno, na kwetu, na karibu bara zima, kiwiko ni kile unachoegemeza mezani. Akaniandikia hicho.

Nami napiga kilichoandikwa.

Nilimkalisha, nikamnyoosha mkono juu ya meza kiganja kikitazama juu. Hapo akakunja uso. Nikashika kiwiko chake kwa mikono miwili kukiweka katikati ya mwanga. Ngozi ilikuwa ile ile, yenye makovu madogo ya magamba ya miti.

"Ni hapa?" nikauliza, nikiitazama meza.

Alikaa kimya kidogo. "Hapo hapo," akasema.

Nakuomba ukumbuke kwamba nilimuuliza. Mimi nimelikumbuka kila siku.

Picha ya kwanza haikunyooka, nikairudia. Ya tatu nikampinda mkono, kidole gumba juu. Nikamwambia angoje nje. Mifupa ya kiwiko ilikuwa mizima kabisa, mizuri hata, na nikafurahi kama mjinga. Yule tabibu akamwambia hakuna kilichovunjika, ni kuteguka tu, akampa dawa za maumivu akamwachia aende. Kefa alichungulia mlangoni kwangu kuaga. Nilikuwa na mgonjwa. Nilipotoka ameshaondoka, na nikabaki kwenye korido na maneno yangu yote mdomoni.

Alirudi mwezi wa pili, miezi minane baadaye.

Hospitali yetu hutembelewa mara moja kwa mwezi na daktari bingwa wa mifupa, Miraji, mtu mfupi, mpole, anayependa kufundisha hata mlinzi. Siku hiyo aliniita kliniki kwake. Nikaingia, nikamkuta Kefa amekaa, kitambaa hakipo tena. Mkono ulionekana wa kawaida, umekonda kidogo tu. Safari hii nilimtazama. Tukatazamana hadi daktari akakohoa.

"Mama, hebu ona hii," Miraji akasema. "Anasema hashiki kamba tena. Akisukuma mlango kwa kiganja, maumivu. Akikamua nguo, kitu kinaruka ndani."

"Nimekandwa na fundi wa viungo miezi mitatu," Kefa akasema. "Kila akikanda, kinalia."

Miraji akaweka kidole gumba chake upande wa kiganja, chini tu ya gumba la Kefa, akabana, na kwa mkono mwingine akaupeleka mkono wa Kefa kutoka upande wa kidole kidogo kuja upande wa gumba. Alipoachia kile kidole chake tulisikia wote: ko! Kefa akauma midomo. Miraji akarudia upande wa kushoto, kimya.

"Miezi minane," akasema. "Picha ya kwanza ilisemaje?"

"Walisema mifupa mizima," Kefa akajibu, hakunitazama.

Miraji akaandika. Kifundo cha mkono, yaani pale penye saa, mkono wa kulia na wa kushoto kwa kulinganisha: picha ya mbele, ya ubavuni, na ya mbele akiwa amefunga ngumi. Nikaishika karatasi ile, nikasoma neno kifundo, nikaangalia mkono wa Kefa ulipolala juu ya paja.

Chumbani kwangu nikamlaza mkono mezani. Nikampiga ya mbele, kisha ya ubavuni. Kisha nikamwambia, "Funga ngumi. Kaza kabisa."

"Kwa nini?"

"Ukikaza, misuli inavuta mifupa. Kilicholegea kinajitokeza."

Akakaza. Nilimshikia ngumi isicheze mpaka nilipotakiwa kutoka.

Kwenye kompyuta nilikiona kabla hata ya kuongeza mwanga. Sitaki nijifanye daktari, lakini hukai na mifupa miaka kumi na saba ukabaki kipofu. Miraji alikuja, Kefa nyuma yake, tukasimama watatu mbele ya kioo.

"Hapa kuna mifupa minane midogo, safu mbili," Miraji akamwambia Kefa. "Huu unafanana na mtumbwi, ndivyo na jina lake lilivyo. Jirani yake huyu ni mwezi mwandamo. Vinafungwa pamoja na kano fupi, ligamenti, haina urefu wa punje ya mahindi. Mkono wako wa kushoto huu hapa: mtumbwi na mwezi vimekaribiana, nafasi ni milimita mbili. Wa kulia ni nne. Ukifunga ngumi ni sita."

Palikuwa na uwazi mweusi kati ya mifupa ile miwili, kama mtu aliyeng'oka jino la mbele.

"Na hii pete?" Kefa akauliza. Alikuwa na jicho kali toka zamani. Ndani ya ule mtumbwi ulionekana mviringo mweupe.

"Umeiona! Mtumbwi umeinamia mbele, kwa hiyo unautazama kwa kichwani badala ya ubavuni. Unaonekana mfupi, na mwisho wake unaonekana kama pete."

"Basi ndiyo pete pekee niliyobaki nayo," Kefa akasema. Miraji akacheka. Mimi sikucheka.

Picha ya ubavuni ndiyo iliyokuwa mbaya. Ule mwezi, ambao hutakiwa kukaa kama kikombe kilichosimama, ulikuwa umelalia nyuma, unamwagia mgongo wa mkono. Miraji akachora mistari miwili akapima pembe: sabini na tano. Kushoto ilikuwa arobaini na nane. Ikizidi sitini, akasema, mpangilio umevurugika.

"Mtumbwi hupenda kuinama mbele. Mwezi una jirani wa upande wa pili ambaye huuvuta nyuma. Ile kano ndiyo iliyokuwa ikiwapatanisha. Imekatika, kila mmoja kaenda kwao."

"Kama kamba za mzinga," Kefa akasema polepole. "Ikikatika ya upande mmoja, mzinga haudondoki siku hiyo. Unalala kwanza."

"Sawasawa kabisa. Na ukiachwa umelala miaka, mfupa mkubwa wa katikati unaingia kwenye ule mwanya, gegedu zinazofunika vichwa vya mifupa zinasagika. Zinaanza hapa pembeni chini ya gumba, zinaenea kiungo kizima, mwisho zinaingia katikati. Wewe bado. Kingo zako ni safi."

Nilisikia sauti yangu ikiuliza. "Na kama ingeonekana mwezi wa sita ule?"

"Wiki za mwanzo? Ah, ingekuwa kazi nyepesi. Unafungua, unaishona kano yenyewe mahali pake, unaweka vyuma vyembamba vya kushikilia, wiki nane. Kama ingekuwa imechanika nusu tu, hata kifaa cha kushikilia mkono na mazoezi vingetosha. Sasa ncha zake zimeshasinyaa, hazishoneki." Alikuwa anazungumza na kioo, hakujua anamchoma nani. "Kwa sasa, tukimfungua na mifupa ikakubali kurudi, tunachukua utepe wa kano ya msuli wake mwenyewe, hii ya mbele ya mkono, tunautoboza kwenye mtumbwi, tunaufunga nyuma kwenye mwezi. Kamba mpya. Ikikataa kurudi, au tukikuta gegedu zimeliwa, tunautoa mtumbwi na kuunganisha minne ya jirani yake iwe mfupa mmoja. Mkono unakuwa hauna maumivu, ila unapinda nusu. Na hatua ya mwisho kabisa ni kuufunga wote usipinde."

"Nitapanda miti?" Kefa akauliza.

Hilo ndilo lililokuwa swali lake, la kwanza na la mwisho. Nililijua kabla hajafungua mdomo. Wengine wanauliza maumivu, wengine wanauliza siku. Yeye mkono ulikuwa ni ngazi ya kwenda anakopenda.

Miraji akavuta pumzi. "Baba, hata ikienda vizuri, utapata nguvu kama robo tatu. Kujivuta kwa kamba, kujibebea uzito kwa kiganja... sitakudanganya. Hapana."

Kefa akaitazama ile picha ya ngumi.

Hapo nikasema. Sikupanga. "Daktari, mwezi wa sita nilipiga picha mimi. Nilipiga kiwiko. Kiwiko cha kwetu." Barua ya Flora na karatasi ya yule kijana zilikuwa kwenye faili lake, nikazionyesha neno kwa neno. "Mkono ulikuwa umefungwa mbele ya macho yangu na sikuufungua. Alikunja uso nilipogeuza kiganja, nikaona, nikaendelea."

Miraji akakuna kidevu. Akasema kwa upole kwamba siku za mwanzo hata picha ya kifundo ingeweza kuonekana nzima, wengi tatizo lao huonekana tu wakifunga ngumi, na hakuna aliyekuwa ameomba ngumi. Akasema kosa lilipita mikono mitatu. Nilishukuru, ila faraja ile haikuwa saizi yangu. Mikono mingine miwili haikuwahi kushika ncha ya kamba chini ya mtundu.

Nikamgeukia Kefa. "Nisamehe."

"Yamepita, Feli," akasema, akitazama sakafu. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Nikajua amenichukia na adabu ndiyo inayomzuia.

Alifanyiwa upasuaji Dodoma mwezi wa nne. Siku ile nilipiga picha ishirini na mbili, na katikati ya kila moja niliomba Mungu kwa maneno mawili tu: irudi mahali. Saa tisa Miraji akanipigia. Mifupa ilikubali, gegedu nzuri, utepe umepita. Nikatoka nje nyuma ya jengo la mionzi, nikajifunika uso kwa koti langu la risasi, lile la kuzuia mionzi, kilo zake zote, nikalia.

Baada ya hapo alikuwa akija kwetu kuangaliwa. Plasta ngumu, ile watu wanayoiita piopii, na vyuma ndani, wiki nane. Nilimpiga picha kila mara mwenyewe, sikumwachia mwenzangu. Vyuma vilipotolewa akawekewa kifaa cha kuvaa, akaanza mazoezi na Martha wa fiziotherapia. Martha alimfundisha mwendo mmoja tu mwanzoni: mkono unatoka juu nyuma upande wa gumba, unashuka mbele upande wa kidole kidogo, kama mtu anayerusha jiwe dogo au kugonga msumari. Mwendo huo hauisumbui kano mpya. Ngumi ya kukaza alimkataza. Nilikuwa napita dirishani nikimwona Kefa anarusha mawe yasiyokuwepo, amekunja uso, na nikitamani hata moja linipate.

Tulikuwa tunaongea, ndiyo. Mvua, alizeti, binti yake aliyeolewa Shelui. Kila nikikaribia lile jambo yeye anatazama chini na masikio yanabadilika rangi. Nikaona kwamba msamaha wake ni wa mdomoni. Nikaacha. Ila nilibadilika kazini, hilo hata wauguzi walisema. Karatasi nasoma, lakini namwambia mtu: niwekee kidole chako mwenyewe panapouma. Na kidole kikienda kwingine, napiga simu kwa aliyeandika. Foleni inalalamika. Acha ilalamike.

Mwaka huu mwezi wa saba nilichukua likizo nikaenda kijijini. Nilimwambia dada yangu naenda kupumzika. Akaniangalia, akaniambia mtu wa kupumzika hapaki mafuta ya nywele aina mbili.

Kefa nilimkuta porini, nusu saa kutoka nyumbani kwake. Amepata mizinga ya kisasa kumi na mbili, ya mbao, imetundikwa kwa waya kimo cha kifua. Alinionyesha mmoja mmoja, akifunua kwa mkono wa kulia, kifuniko kikaja bila shida. Kiungo kilipinda kiasi, si zaidi.

"Haya, asali ya kurinia chini," akasema. "Hata bibi kizee anarina hii. Baba angeniona angenicheka."

"Inatoka nyingi?"

"Nyingi. Kuliko ile." Akasema kama mtu anayesimulia msiba.

Kisha akainua uso, nami nikainua. Juu kabisa kwenye mitundu, mizinga yake ya magogo ilikuwa bado inaning'inia, ya kwake na ya baba yake, myeusi kwa moshi wa miaka. Nyuki waliingia na kutoka. Akaniambia jirani yake Andrea humpandia msimu ukifika, naye anasimama chini anamwelekeza, shika tawi la kushoto, taratibu, usivunje sega. Andrea anavunja sega kila mara. Haimbi.

"Kule juu kuna upepo ambao haushuki huku," Kefa akasema. "Usiku naota niko kule. Nikiamka mkono umefunga ngumi."

Nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia: najua umenichukia, Kefa, sema tu, nitukane, maana huu upole wako unaniua. Miti hii nimekunyang'anya mimi kwa sababu niliogopa kukutazama. Nilijificha kwenye karatasi. Nilikuuliza, ukasema hapo hapo, na nimejitetea kwa neno hilo kichwani mwaka mzima kama mwizi mwenye shahidi mmoja, ila najua hukuwa na kosa, mgonjwa hajui, sisi ndio wa kujua.

Masikio yake yakabadilika rangi. Safari hii hakutazama chini.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Feli, mkono ni wangu. Niliangukia kiganja. Ulipokishika kiwiko nilijua umekosea mahali." Akafungua na kufumba vidole taratibu, jinsi Martha alivyomfundisha. "Ulikuwa hunitazami. Hukujibu hata salamu. Lakini mikono yako ikawa hapa. Nikajisemea, nikimwambia si hapo, ataiondoa."

Nikaiangalia mikono yangu.

"Nilidhani ni kuteguka tu, kutapona," akaendelea. "Kilipokataa kupona nikaona aibu kurudi. Nirudi niseme nini, mtu mzima mwenye mvi? Halafu ukaomba msamaha mbele ya daktari. Nikashindwa kabisa. Nakuangalia unajitesa na mdomo haufunguki."

Hasira ilinipanda mpaka nikaona nyota. Nilimwita mjinga. Nilimwita kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kinyaturu ili isipotee hata chembe. Nikamwambia mwaka mzima silali, sili, naomba radhi kwa picha ya kiwiko, kumbe bwana mkubwa amekaa na siri yake kama yai! Nikampiga bega, la kushoto, hata katika hasira nilichagua la kushoto. Machozi yananitoka, nyuki wananizunguka, naye amesimama tu.

"Umeuza hii miti yote," nikasema, nikionyesha juu, sauti imeniisha, "kamba ya baba yako, upepo wako, kila kitu. Kwa kushikwa kiwiko mara mbili!"

"Mara tatu," Kefa akasema. "Picha moja uliirudia."